Noti Saba Zilizochanika Mahali Pamoja

Sauti iliyotoweka kwenye uchochoro wetu ilikuwa ndogo mno, hata wapita njia hawakujua kwamba imetoweka. Ilikuwa pumzi tu. Mtu mmoja alikuwa akiinama juu ya kipande cha kioo na kupuliza taratibu, mara tatu, gundi ya unga ipate kukauka. Sisi tuliokaa hapo miaka mingi, nyuma ya soko la jumla la Kolkata, tulikuwa tukiisikia katikati ya kelele za wapagazi na mikokoteni. Siku ilipokoma, kila mmoja wetu alihisi kwamba kuna kitu kimepungua, lakini ilituchukua muda kukijua.

Aliyekuwa akipuliza ni Phanibhushan Kanrar. Wakubwa walimwita Phani, na sisi wadogo zake tukamwita Phani-da, kama inavyopasa kumwita kaka. Alikaa futi tatu za ukingo wa njia, kati ya Ramdhani muuza kufuli na ukuta wa benki, kwa miaka thelathini na moja. Mbele yake aliweka ubao wenye noti mbovu zilizobandikwa kama tangazo, ili asiyejua kusoma ajue kinachofanyika pale. Alinunua noti zilizochanika, zilizoungua, zilizotafunwa na panya, zilizofuliwa ndani ya mfuko wa suruali. Alizinunua chini kidogo ya thamani yake, akaziunga, akazipeleka benki kila Jumanne, na tofauti hiyo ndiyo iliyomlisha yeye na mkewe Shefali.

Kioo chake alikichora mwenyewe kwa ncha ya msumari, miraba ya sentimita moja moja. Mtu akimpa noti ya mia tano aliilaza chini ya kioo na kuhesabu miraba. Kipande kimoja kikizidi themanini kwa mia ya noti nzima, benki hulipa yote. Kikiwa kati ya arobaini na themanini, hulipa nusu. Kikipungua hapo, hailipi kitu. Na noti ikigawanyika vipande viwili, kila kimoja kikiwa na arobaini au zaidi, na namba zake zikilingana kuonyesha ni noti moja, basi benki hulipa yote. Haya yote yameandikwa kwenye kanuni za benki kuu, na mtu yeyote angeweza kuingia benki ile, mlango wa pili tu, akabadilishiwa bila kukatwa hata paisa. Wateja wake walijua. Lakini mpagazi mwenye miguu ya matope haingii mahali penye mlinzi na kiyoyozi kwa ajili ya noti moja. Alimwachia Phani-da rupia zake hamsini akaenda zake, na hakuona kwamba ameibiwa.

"Mimi nauza kufuli," Ramdhani alikuwa akisema, "na huyu jirani yangu anakula kwa wasionunua kufuli. Panya akiingia kwenye kabati la mtu, Phani anachekelea."

"Panya hana shida na kufuli zako, Ramdhani. Anazifungua."

"Basi mwajiri panya huyo. Akufanyie kazi kwa mshahara."

Kazi ile ilikuwa na adabu yake, na adabu hiyo ndiyo iliyomponza. Mchuuzi wa noti mbovu haulizi noti imechanikaje. Hakuna anayejua nani aliiweka kanuni hiyo. Mjomba aliyemfundisha Phani-da naye aliikuta. Noti haichaniki bila kisa. Mke na mume wamegombania mshahara. Mtoto amekata picha. Mlevi amelala kwenye mtaro. Mtu anayeleta noti iliyochanika tayari ameona aibu njiani, na ukimuuliza hatarudi tena. Kwa hiyo Phani-da alipokea, akalaza chini ya kioo, akahesabu, akataja bei. Jina hakuuliza. Mahali noti ilipotoka hakuuliza. Alijivunia jambo hilo kama wengine wanavyojivunia kisomo.

Kabla ya mkasa wake nilimwona akiivunja adabu hiyo mara moja tu. Ilikuwa kama miaka miwili baada ya Novemba ile ya mwaka elfu mbili kumi na sita, serikali ilipotangaza kwamba noti za zamani za mia tano na elfu moja hazina thamani tena, na mji mzima ukasimama kwenye foleni hadi mwisho wa Desemba. Alikuja mama mmoja mjane, mwenye sari nyeupe iliyofuliwa hadi ikawa kama utando. Alifungua fundo la kitambaa. Ndani mlikuwa na noti kumi na moja za elfu, za muundo wa zamani, safi kabisa, hazijachanika hata kona.

"Hizi hazina ubaya," alisema. "Nimeambiwa unachukua mbovu. Hizi ni nzima, utanipa zaidi."

Phani-da hakuziweka chini ya kioo. "Mama, umezipata wapi?"

"Ndani ya godoro la marehemu. Nilikuwa nalipasua nitoe pamba."

"Benki hawazichukui tena. Muda ulipita."

"Muda wa nini? Mimi nimezipata jana."

Alimweleza mara tatu, na kila mara mama yule alitikisa kichwa kama mtu anayeelezwa kuhusu ugonjwa wa mtu mwingine. Mwishowe Phani-da akamwambia jambo ambalo mimi sikulijua: kwamba sheria inamruhusu mtu kukaa na noti kumi za namna hiyo, kama kumbukumbu, na zaidi ya hapo ni kosa lenye faini. "Hii ya kumi na moja ichome, mama. Hizo nyingine weka na picha yake."

Yule mama alizifunga zote kumi na moja kwenye kitambaa. "Alizificha nisizione," alisema, na akaondoka. Phani-da hakufanya kazi tena siku hiyo. Alikaa akikuna gundi iliyokauka kwenye kucha zake.

Wakati huo jicho lake la kulia lilikuwa limeshaingia ukungu. La kushoto lilikuwa likifuata. Hospitali ya serikali ingemfanyia upasuaji bure, na Shefali alishachukua tarehe mara mbili. Mara mbili hakwenda. Daktari alitaka wiki nne bila vumbi na bila kuinama, na futi tatu za ukingo wa njia haziwezi kukaa wiki nne bila mwenyewe. Hazina hati. Hati yake ni makalio ya anayezikalia. Wauza makava ya simu walikuwa wakipita kila siku wakizipima kwa macho.

"Mahali pako nitapalinda mimi," Ramdhani alimwambia.

"Utapalinda kwa kufuli gani? Hizo zinazofunguliwa na panya?"

Tulicheka. Yeye pia alicheka, kisha akainua noti kuielekeza kwenye jua, karibu kabisa na kope, kama mtu anayenusa.

Kweli alikuwa ameanza kunusa. Vidole na pua vilikuwa vikishika kazi ya macho. Noti ya mchinjaji aliijua kwa mafuta, ya muuza viungo kwa manjano, ya muuza maua kwa ubaridi. Kwa hiyo alipokuja mtu mwembamba mwenye taulo la mirabamiraba begani, na noti mbili zilizolainika kwa maji ya barafu na kunuka samaki, Phani-da hakuwa na haja ya kuuliza. Ni mtu wa ghala la samaki, kule karibu na daraja. Noti za huko huchanika kwa kulowana. Alizinunua, akaziunga, Jumanne benki ikazilipa. Zilikuwa noti halali.

Wiki mbili baadaye mtu yule alirudi. Safari hii alikuwa na saba, zote za mia tano, za muundo mpya, kila moja vipande viwili.

"Kreti imeziangukia," alisema, bila kuulizwa.

Ramdhani anasema hapo ndipo angeshtuka. Mtu anayejieleza bila kuulizwa. Lakini Ramdhani anasema hayo sasa. Phani-da alilaza vipande chini ya kioo, akahesabu miraba kwa ncha ya kidole, kila kipande kilitosha. Namba zililingana. Aliona kwamba zote saba zimechanika mahali pamoja, kwenye mstari ambapo uzi wa usalama, ule unaotambulisha noti halali, hupita, na kwamba uzi wenyewe umenyofoka. Hilo aliliona, aliniambia mwenyewe baadaye. Akajiambia kwamba bunda likikunjwa huchanika kwenye mkunjo, na uzi ukilowana hutoka. Alishaona noti nyingi hivyo. Alitaja mia nne na ishirini kwa kila moja, bei ya chini, akitegemea kubishana hadi mia nne na hamsini. Mtu yule alisema sawa.

Alikuwa ametoa karibu rupia elfu tatu, fedha yote ya mzunguko aliyokuwa nayo mfukoni. Alikata karatasi yake ya kubandikia, laini kama vumbi, akapaka gundi, akaunganisha mstari ule ulionyofoka uzi, akapuliza. Shefali, aliyemletea chakula mchana huo, alikumbuka kwamba alikuwa na furaha. Wali na dengu alimaliza vyote.

Jumanne aliingia benki na fungu la noti thelathini na nane na fomu yenye namba ya akaunti yake. Fungu kubwa namna hiyo halilipwi papo hapo. Hupokelewa kwa risiti, hukaguliwa, na fedha huingia kwenye akaunti baada ya siku kadhaa. Lakini Sukanya Maiti, karani wa dirisha la noti mbovu, alikuwa na desturi ya kulifungua mbele yake kukiwa na nafasi. Miaka tisa alikuwa akimpokea. Alimwita kaku, baba mdogo, na kila sikukuu ya Durga alimletea boksi la vitamutamu kupitia dirisha lile lile.

"Kaku, leo unanuka soko la samaki."

"Siyo mimi, binti. Ni wateja."

"Afadhali. Wiki iliyopita ulinuka masizi."

Alikuwa akipitisha noti chini ya taa ya mwanga wa zambarau huku akizungumza. Karatasi ya noti halali haing'ai chini ya taa ile. Vinyuzi na namba tu ndivyo vinavyowaka. Noti ya kwanza ya samaki iling'aa nyeupe. Sukanya aliiweka pembeni bila wasiwasi, kwa sababu karatasi ya kubandikia ya Phani-da nayo hung'aa kidogo. Ya pili iling'aa. Aliikunja kona isiyo na kiraka, akaitazama chini ya taa, nayo ikang'aa vile vile. Akaacha kuzungumza.

Phani-da alijua kabla ya kuambiwa. Aliniambia kwamba alihisi baridi kwenye ncha za vidole, zile zile zilizokuwa zimehesabu miraba. Kwa mara ya kwanza alizikumbuka noti zile kama kitu kimoja: mchaniko mmoja uliofanywa na mkono mmoja, mara saba. Mtu alikaa mahali, akachukua noti bandia nzima, akazipasua pale pale ambapo macho yangetafuta uzi, akazilowesha kwenye maji ya samaki. Alijua kuna mzee asiyeona vizuri na asiyeuliza.

Sukanya alikuwa amefika ya nne. Alizilaza nne kwenye meza, akaishika ya tano bila kuigeuza. Alisogea karibu na tundu la dirisha.

"Kaku. Nisikilize. Hizi siwezi kukurudishia. Ukikuta bandia huirudishi, nikikurudishia na mimi nimo."

"Najua."

"Zikiwa hadi nne kwa mtu mmoja, kwa mara moja, nazipiga mhuri, nakuandikia risiti, unatia saini, na polisi wanapata taarifa ya mwezi. Unapoteza hela yako basi. Zikifika tano..." Hakumaliza. Zikifika tano benki inatakiwa kufungua mashtaka polisi siku hiyo. Anayezileta ndiye anayeanza kuulizwa. "Nimeshika ya tano, sijaiweka chini ya taa. Zimebaki ngapi zinazonuka hivi?"

Sijui alitaka ajibu nini. Labda naye hakujua. Fungu lote lilikuwa limeshapita upande wake wa kioo, kamera ilikuwa juu ya kichwa chake, na nyuma yake mkubwa wake alikuwa akinywa chai. Kama Phani-da angesema hakuna, Sukanya angeendelea kukagua hata hivyo, kwa sababu hiyo ndiyo kazi. Au labda angechelewa kidogo, akafunga fungu, akaliacha liende chumba cha nyuma likaguliwe na mtu mwingine. Hata huko zingeonekana.

"Ziko saba," Phani-da alisema.

Sukanya akaiweka ya tano chini ya taa.

Mhuri wa noti bandia ni mkubwa, na wino wake haufutiki. Aliupiga mara saba. Aliandika namba moja moja kwenye risiti, akamsukumia asaini. Hapo juu pamechapishwa kwamba risiti ni halali hata mleta noti akikataa kusaini. Phani-da alisaini. Aliniambia saini yake ilitoka nzuri, kuliko ya kwenye fomu ya akaunti. Mkubwa aliitwa. Polisi waliitwa. Walipofika walikuta mzee amekaa kwenye kiti cha wateja na chupa yake ya maji, na Sukanya amefunga dirisha lake, kibao cha "limefungwa" kikining'inia saa tano asubuhi.

Kituoni, afisa hakuwa mtu mbaya. Alimpa chai.

"Mzee, hebu tumalize haraka. Nani alikupa?"

"Mtu wa samaki."

"Jina?"

"Sikumuuliza."

"Ghala gani?"

"Sikumuuliza."

"Kakuuzia mara mbili, umempa elfu tatu karibu, hujui hata anaitwa nani?"

"Katika kazi yetu hatuulizi."

Afisa aliweka kalamu chini. "Ningekuwa mwizi ningeipenda sana kazi yenu."

Kisha akachukua noti moja, ndani ya mfuko wa plastiki, akaiinua kwenye dirisha. "Hiki kiraka, nani kakiweka?"

"Mimi."

"Kimekaa vizuri. Yaani umepaficha mahali penyewe pa kuangalia. Mtu akikuambia kwamba hakujua, wewe ungemwamini?"

Phani-da alimwambia Shefali usiku wa kwanza, kupitia nondo za mahabusu, kwamba swali lile lilikuwa la haki. Miaka thelathini na moja alijaribu kuunga noti hadi mchaniko usionekane. Hakuna aliyemwambia kwamba ipo siku asiyeonekana atakuwa ni mwizi.

Alikaa ndani siku nne kabla ya kupata dhamana. Kesi ikabaki: kukutwa na noti bandia na kuzitumia kama halali. Upande wa mashtaka unapaswa kuonyesha kwamba alijua. Wakili, mpwa wa Ramdhani, alisema hilo ni gumu kuthibitisha, lakini hata kuthibitisha kwamba hukujua kuna gharama zake. Akaunti ilizuiwa hadi uchunguzi uishe. Noti zile nyingine thelathini na moja, halali kabisa, nazo zilifungwa kwenye bahasha ya ushahidi.

Siku aliyorudi uchochoroni, futi tatu zake zilikuwa bado tupu. Ramdhani alikuwa amepanga kufuli kubwa kubwa pale, mstari mmoja, kuweka alama. Alizikusanya akamwachia nafasi.

"Kaa, Phani. Wamekuchosha."

Alikaa. Alitandika gunia, akaweka kioo, akasimamisha ubao. Tulikuwa tukimwangalia kutoka madukani bila kuonyesha kwamba tunaangalia. Mpagazi mmoja alisimama, akamwona, akaendelea na safari. Baadaye alikuja kijana wa duka la vitambaa, mteja wake wa siku nyingi, na noti ya mia mbili iliyokatika kona. Phani-da aliipokea. Aliishika muda mrefu.

"Umeipata wapi?"

Kijana alicheka, akidhani ni utani. "Phani-da, tangu lini?"

"Nauliza. Nani alikupa?"

"Nimepewa chenji. Mimi nitajuaje?" Alinyoosha mkono. "Nipe basi. Kama hutaki, nipe."

Alimrudishia. Kijana alikwenda nayo benki, mlango wa pili, ambako mlinzi alimfungulia; akatoka baada ya dakika kumi na noti mpya mkononi na uso wa mtu aliyegundua kwamba kumbe ni rahisi. Wiki ile wengine watatu walifanya vivyo hivyo. Sukanya alikuwa amehamishiwa dirisha jingine. Kila siku alipita mbele ya Phani-da saa nne kasorobo, na kila siku alisema, "Kaku," naye akajibu, "Binti," na Sukanya akaingia benki.

Shefali alimuuliza mara moja tu mbele yetu. Alikuwa amekuja na chakula, akakuta hakuna noti hata moja chini ya kioo.

"Ungemwambia yule binti kwamba zilizobaki zote ni nzuri. Ungenyamaza tu."

"Angezihesabu."

"Angezihesabu yeye. Siyo wewe."

"Shefali, mimi ndiye niliyezibandika."

"Haya," alisema mkewe. "Kula."

Hakula. Mwishoni mwa mwezi alimwomba Ramdhani achukue zile futi tatu. Ramdhani alikataa kwa matusi ya kirafiki, kisha kwa hasira, kisha akakubali. Siku iliyofuata ubao haukuwepo. Ramdhani alipanga kufuli zake pale kwa muda, na mwaka uliofuata muuza makava ya simu akamlipa kiasi fulani akaingia. Redio yake hucheza mchana kutwa.

Phanibhushan Kanrar sasa anaishi Bagnan, mwendo wa saa moja na nusu kwa treni, katika chumba cha nyuma cha kaka yake Shefali, ambako hupanga majani ya tambuu kwa mfanyabiashara mmoja, majani hamsini kila fungu. Kesi yake imepangiwa tarehe nyingine mwezi ujao.